Mchicha, Warfarini na Vidonge Vipya

Mgonjwa anayemeza warfarini akila mchicha kwa wingi kuliko alivyozoea, kipimo chake cha INR kinaweza kushuka kutoka 2.5 hadi 1.6, na damu ikaanza tena kuganda kirahisi. Akiandikiwa metronidazo kwa ajili ya tumbo, mambo hugeuka: INR hupanda, na fizi huanza kutoka damu.

Sababu iko kwenye ini. Warfarini haizigusi protini za kugandisha damu zilizokwisha kutengenezwa. Hulizuia ini kuitumia upya vitamini K, na bila hiyo protini nne kati ya hizo hazikamiliki. Zile za zamani huendelea kuzunguka, kama bidhaa zilizobaki madukani baada ya kiwanda kufungwa. Ndiyo maana dozi ya leo huonekana kwenye kipimo baada ya siku mbili tatu.

Rivaroksabani na apiksabani hupita njia fupi. Huingia kwenye damu na kuikamata protini moja tu kati ya hizo. Hufanya kazi ndani ya saa chache, mchicha hauzisumbui, na dozi ileile hutoa nguvu inayotabirika kwa watu wengi. Basi mtapima INR ya nini?

Figo, hata hivyo, zipimwe walau mara moja kwa mwaka, maana sehemu ya dawa hutokea huko. Na ukiruka vidonge, kinga huisha ndani ya siku moja hivi. Mwenye vali ya chuma moyoni asibadilishiwe: dawa yake bado ni warfarini.