Mpangaji Akiomba Kumpangishia Ndugu Chumba

Mpangaji wa nyumba ya vyumba vitatu Sinza, Dar es Salaam, anaomba kumpangishia binamu yake chumba kimoja. Mwenye nyumba akijibu kwa simu, "Haya, hakuna shida," kesho binamu naye atajiona mpangaji wake halali.

Jibu zuri huandikwa, tena kwa kifupi: "Nakuruhusu kumpangishia binamu yako chumba cha nyuma hadi mkataba wako utakapoisha Desemba 31. Kodi yote utaendelea kunilipa wewe, na uharibifu wowote ni juu yako. Asimpangishie mtu mwingine. Niletee nakala ya kitambulisho chake."

Hapo tarehe ndiyo nguzo. Bila hiyo, mpangaji mkuu akihama, binamu hubaki ndani akidai ameshamlipa ndugu yake kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba naye asipokee hata mwezi mmoja kutoka kwa binamu, kwani risiti hiyo yaweza kuwa ushahidi wa upangaji mpya. Umeme wa LUKU na maji wagawane wenyewe.

Kama hataki, aseme sababu: choo ni kimoja, au watu wameshazidi. Nakala ya jibu isainiwe na pande zote mbili, iambatanishwe na mkataba.