Dámelo, lakini no me lo des

Mteja anayechagua embe sokoni Mexico anaweza kumwambia muuzaji kijana: "Dámelo", yaani nipe hilo. Neno moja hilo limebeba vitu vitatu: da ni amri ya kutoa, me ni mimi ninayepewa, lo ndilo embe. Akiliona limeoza, atasema: "No me lo des", usinipe. Sasa viwakilishi vimehama, vimesimama mbele ya kitenzi, na kila kimoja kinaandikwa peke yake.

Kanuni yenyewe ndiyo hiyo. Amri ya kutenda huviambatisha viwakilishi nyuma ya kitenzi. Katazo huviweka kati ya no na kitenzi. Kisichobadilika ni utaratibu wao, kwani anayepewa hutangulia kinachotolewa.

Kwa Mswahili, kuhama huku ndiko kunakosumbua, maana katika "nipe" na "usinipe" ile ni haibanduki mbele ya mzizi. Mwisho wa kitenzi unamsumbua kidogo zaidi ya anavyodhani. "Nunua" huwa "usinunue", na Kihispania nacho hugeuza compra kuwa no compres. Ila kuna vitenzi vinavyokwenda kinyume: come, kula, huwa no comas.

Kosa la kawaida la wanafunzi ni kusema "no dámelo". Msikilizaji ataelewa, lakini atajua papo hapo kwamba anaongea na mgeni. Kosa jingine ni baya zaidi kwa sababu halijitangazi: anayetaka kuamuru akasema "me lo da" hajaamuru chochote, ametoa habari tu kwamba fulani anampa. Akiongeza no, "no me lo da", amelalamika kwamba hapewi. Katazo linahitaji des.

Halafu kuna ile alama juu ya a. Kihispania husoma neno lililoishia na irabu kwa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili. Bila alama, damelo lingekazwa kwenye me, kumbe mkazo wa kitenzi hautakiwi kuhama hata kikiongezewa mkia. Ndiyo maana dilo, "liseme", haina alama, ila dímelo, "niambie", inayo. Argentina, ambako rafiki huitwa vos, amri ni comprá, yenye mkazo mwishoni. Kwa hiyo wao huandika compralo bila alama, ilhali Mexico na Hispania huandika cómpralo.

Anayeanza afadhali aanze na amri za heshima, zile za usted: démelo, no me lo dé, cómprelo, no lo compre. Hapo kitenzi ni kilekile katika amri na katika katazo, na mwanafunzi anabaki na kazi moja tu ya kuhamisha viwakilishi. Akishaizoea, zile za rafiki zitamgharimu muda mfupi.