Mia ya mwisho: kupanga bei kati ya Dzaleka na Biwi

Anayeandika kwacha 19,999 kwenye kitenge huko Biwi, Lilongwe, anaahidi chenji ambayo hana. Sarafu ya kwacha 1 ipo kisheria, lakini sokoni hakuna anayehangaika nayo. Noti ndogo kabisa ni ya 20, kisha 50, 100, 200, 500 na 1,000, hadi ile ya 2,000 iliyoingia mwaka 2016 na ya 5,000 iliyotolewa mwaka 2022. Mteja anayekuja kununua kitu cha elfu ishirini hubeba noti kubwa nne. Kwa hiyo muuzaji hachagui mwisho wa bei kutoka katika tarakimu zote kumi. Anachagua kati ya 20,000 kamili, 19,900 na 19,500, na hizo mbili za mwisho zinamdai noti fulani mfukoni kabla mteja hajafika.

Hapo ndipo ningeanzia kumjibu mfanyabiashara anayeuliza kama bei ya tisa, yaani ile inayoishia chini kidogo ya namba kamili, inavuta wateja au inawatia shaka. Swali lenyewe limepata uzito zaidi tangu mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Kambi hiyo, Dzaleka, iko wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Muuzaji Mkongo au Mrundi aliyekuwa na duka mjini alimwonyesha mteja kitambaa kwanza, bei ikafuata. Anayeuza kutoka kambini kwa picha za WhatsApp hutanguliza bei, na mteja wa Biwi huanza kumpima kwa namba hiyo kabla hawajaonana.

Ushahidi wa bei ya tisa upo, na si wa kubeza. Eric Anderson na Duncan Simester walichapisha mwaka 2003 majaribio waliyofanya Marekani kwa kampuni zinazouza kwa katalogi za posta. Gauni lilelile liliwekwa bei tatu tofauti kwa wateja tofauti: dola 34, 39 na 44. Lililouzika zaidi ni la 39, likalishinda hata la 34. Waligundua pia kwamba tisa ilisaidia zaidi kwa bidhaa mpya ambazo wateja hawakuwa wamezizoea, na nguvu yake ilipungua pale bidhaa ilipokuwa tayari na alama ya punguzo. Kwa maneno mengine, mteja hutegemea tisa pale asipojua bei halali ni ipi.

Miaka miwili baadaye Manoj Thomas na Vicki Morwitz walionyesha kinachotokea machoni. Bei ya 2.99 huonekana ndogo kwa namna ya pekee ikilinganishwa na 3.00 kwa sababu tarakimu ya kushoto imebadilika. Tofauti ya senti hiyohiyo kati ya 3.59 na 3.60 haifanyi kazi hiyo, kwani kushoto bado ni 3. Ukiileta hesabu hii kwenye kwacha, kushuka kutoka 20,000 hadi 19,900 kuna maana, kwa sababu 2 imekuwa 1. Kushuka kutoka 22,000 hadi 21,900 ni kutoa mia bure. Wauzaji wengi hukata mia kila mahali kwa mazoea tu, na sijaona sababu ya kufanya hivyo.

Lakini gauni la katalogi halina mtu wa kupatana naye. Biwi na Dzaleka watu hupatana bei, na Mkongo akishamaliza kupatana ataomba na matabishi juu yake. Kwa hiyo utafiti unaofaa zaidi kwetu ni wa Matthew Backus, Thomas Blake na Steven Tadelis, uliochapishwa mwaka 2019, juu ya matangazo ya eBay ambayo mnunuzi anaruhusiwa kutaja bei yake. Walilinganisha vitu vilivyotangazwa kwa bei kamili ya mamia, kama dola 200, na vile vya bei zilizo jirani ambazo si kamili. Vya bei kamili vilipata matoleo ya chini kwa asilimia 5 hadi 8. Lakini wakati huohuo matoleo hayo yalifika mapema kwa siku 6 hadi 11, na uwezekano wa kuuzika ulipanda kwa asilimia 3 hadi 5. Wanunuzi waliisoma namba kamili kama ishara kwamba mwenye mali ana haraka na yuko tayari kuteremka. Na hawakukosea, maana wauzaji hao walielekea zaidi kukubali.

Sasa soma tangazo la kitenge kwa macho hayo. "20,000" peke yake ni mlango ulio wazi: mteja atajibu 15,000 bila aibu, na hajakutukana. "19,900" inasema jambo la kuchanganya. Imevaa sura ya bei ya supamaketi isiyopunguzwa, ila kila mtu anajua hapa si supamaketi. Mteja atapatana vilevile, na akishafika ataikuta bei yenyewe ni 20,000 kwa sababu muuzaji hana mia ya kurudisha. Ni hapo imani inapoumia, wala si kwenye tisa. Mtu aliyelipa nauli ya basi dogo kutoka Lilongwe hadi Dowa kisha akakuta bei imebadilika hata kwa mia moja ataanza kutilia shaka urefu wa kitambaa pia.

Malipo ya simu, Airtel Money au Mpamba, yanaondoa tatizo la chenji, kwani 19,900 hupita kama ilivyo. Yanaleta lingine: ada ya kutoa pesa kwa wakala. Muuzaji anayetangaza 19,900 halafu anaandika "na ya kutolea" amemrudisha mteja palepale, kwa bei isiyofanana na iliyotangazwa. Ada ikadiriwe na iingizwe kwenye bei tangu mwanzo, hata kama itaharibu sura ya namba.

Tuchukue mfano tuone gharama yake. Kitenge cha yadi 6 kimemfikia muuzaji kwa 16,000, nauli na mzigo vikiwemo. Akiuza 20,000 anabaki na 4,000. Akiuza 19,900 anabaki na 3,900, kwa hiyo pale alipouza vipande 39 sasa anahitaji kuuza 40 ili faida iwe ileile ya 156,000. Hilo ni dogo, linawezekana. Akishuka hadi 19,500 anabaki na 3,500, na kila vipande 7 lazima viwe 8. Akishuka hadi 19,000, kila vitatu lazima viwe vinne. Mteja anaona tofauti ya asilimia 5 kwenye bei, lakini muuzaji amekata robo ya faida. Tarakimu ya kushoto ni ileile kwa bei zote tatu, 1, hivyo kwa hoja ya macho peke yake 19,000 haimnunulii kitu ambacho 19,900 haikumnunulia. Kinachoweza kuihalalisha 19,500 ni noti: mia tano ni rahisi kuweka tayari, na punguzo lake mteja analihisi mkononi.

Je, anaweza kujaribu mwenyewe ajue? Anaweza, ila hesabu ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Tuseme kati ya wanaouliza bei, asilimia 20 hununua, na anataka kujua kama 19,900 inaipandisha hadi 25. Ili atofautishe hilo na bahati, anahitaji waulizaji kama 1,090 kwa kila bei. Hana. Kama badiliko lingekuwa kubwa, kutoka asilimia 20 hadi 40, waulizaji 80 kwa kila bei wangetosha. Kwa hiyo anayesema "wiki hii niliweka tisa nikauza sana" anasimulia wiki, hasimulii bei. Huenda ilikuwa wiki pesa za msaada zilipoingia, na Dzaleka wiki hiyo huuza karibu kila kitu.

Yapo mambo mengine yanayojionyesha haraka zaidi kuliko idadi ya mauzo. La kwanza ni bei ya mwisho iliyokubaliwa. Kila mauzo yanaleta namba, si ndiyo au hapana tu, na ikiwa tangazo la 20,000 huishia kwa wastani 17,500 ilhali la 19,500 huishia 18,800, tofauti hiyo itaonekana hata kwa wateja thelathini. La pili ni wangapi waliouliza "bei ya mwisho?" kabla ya kuuliza chochote kuhusu kitambaa. La tatu, nalo ndilo linalogusa imani moja kwa moja, ni wangapi waliosema wanakuja, wakaja, kisha wakaondoka mikono mitupu au wakagombana juu ya chenji na ada. Daftari la kawaida linatosha.

Kosa moja linaweza kuharibu kila kitu: kuweka kitenge kilekile 20,000 kwenye kundi moja la WhatsApp na 19,900 kwenye jingine. Picha za skrini husafiri, na atakayeona bei mbili hatafikiria jaribio, atafikiria udanganyifu. Muuzaji atumie michoro tofauti ya ubora uleule. Arushe sarafu kuamua ipi ipate bei ipi, azitangaze wiki moja, na mwezi unaofuata abadilishe bei hizo.

Kwa maharage, mafuta na nyanya, haya yote hayana kazi. Bei ya soko inajulikana na kila mama, na nyanya huuzwa kwa mafungu yenye bei ya noti moja. Kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023, muuzaji wa fungu hakuwa na nafasi ya kuandika 590. Ilimbidi abakishe 500 na kupunguza nyanya, au aruke hadi 1,000 na kuongeza. Hapo mnunuzi hahakiki mwisho wa bei, anahesabu nyanya.

Kwa kitenge ningeandika 19,500, na chini yake: "bei ya mwisho, ya kutolea imo ndani". Kisha nisiteremke, hata kwa anayenunua viwili. Huyo nimpe matabishi ya kitu kingine, kitambaa cha kichwa kwa mfano. Nikiteremka mara moja tu, 19,500 yangu itasomeka kama 20,000 ya mwingine, nami nitakuwa nimelipa mia tano bure. Asiyeweza kukataa kupatana, na wapo wengi kwa sababu ndivyo walivyolelewa sokoni, aandike 20,000, akijua kwamba ataletewa matoleo ya chini, na kwamba yatakuja upesi.