Chupa, Sirinji na Mwezi wa Masika

Somo la hali ya hewa mara nyingi huishia ubaoni. Wanafunzi wananakili mchoro wa kipimamvua, wanaandika majina ya sehemu zake, basi. Lakini kwa chupa ya maji ya lita 1.5 na sirinji ya duka la dawa, darasa linaweza kupima mvua yenyewe, na kwa shule za pwani ya Tanzania mwezi wa kuanzia ni Aprili, masika yakiwa yamekolea.

Chupa ikatwe chini kidogo ya mabega, pale inapoanza kunyooka. Kizibo kitolewe, kipande cha juu kipinduliwe na kutumbukizwa ndani ya kile cha chini kiwe faneli, kisha ukingo uzungushiwe selotepu. Faneli hiyo pia hupunguza maji yanayokauka kabla ya kupimwa.

Wengi hapa hubandika rula ubavuni mwa chupa. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu kitako cha chupa kina mabonde na ubavu wake una mikunjo, hivyo sentimita moja ya chini haibebi maji sawa na sentimita moja ya juu. Afadhali maji yavutwe kwa sirinji, hesabu ifanye kazi iliyobaki. Tuseme mdomo wa chupa una kipenyo cha sentimita 9. Nusu yake ni 4.5, 4.5 mara 4.5 mara 3.14 ni karibu sentimita za mraba 64. Mvua ya milimita 1 ikiangukia eneo hilo huleta mililita 6.4 za maji. Asubuhi mwanafunzi akivuta sirinji ya mililita 20 mara mbili ikajaa, na mara ya tatu ikafika 11, amepata mililita 51. Gawanya kwa 6.4: mvua ilikuwa milimita 8. Hata ikinyesha milimita 100, chupa itapokea mililita 640 tu, na nafasi inatosha.

Mahali pa kuweka chupa pana uzito kuliko ufundi wa kuikata. Ikikaa karibu na darasa lenye paa la mita 4, ukuta utaikinga mvua inayokuja na upepo. Isogezwe angalau mita 8, yaani mara mbili ya urefu wa kizuizi. Ifungwe kwenye kigingi, mdomo ukiwa sawasawa bila kuinama, kama sentimita 30 kutoka ardhini ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie.

Kipimajoto kinataka kivuli chenye hewa. Kikipigwa na jua kinapima joto lake chenyewe, si la hewa. Kisanduku cha mbao chenye matundu pande zote, kilichopakwa rangi nyeupe na kuinuliwa kama mita 1.5, kinatosha. Aprili jua la mchana huwa limeelekea kaskazini, kwa hiyo mlango utazame kusini. Kwa upepo, utepe mwepesi juu ya mti mrefu unafaa, ila watoto huandika kinyume: utepe ukivutwa kaskazini, upepo unatoka kusini, na hicho ndicho kinachoandikwa. Katika mwezi huu kaskazi huondoka na kusi kuingia, kwa hiyo safu ya upepo kwenye daftari itakuwa na la kuonyesha.

Vipimo vyote vichukuliwe saa 3 asubuhi, kila siku, na chupa imwagwe papo hapo. Kazi ngumu ni daftari. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Siku ambayo hakuna aliyepima iwekewe kistari. Mwanafunzi akiacha nafasi wazi, mwisho wa mwezi hakuna atakayejua kama kulikuwa kukavu au zamu ilisahauliwa, na wenye huruma wataijaza sifuri.

Wikendi ndipo daftari linapoharibika. Jumatatu maji yakitoa milimita 27, ishawishi ipo ya kuandika 9 kwa kila siku kati ya siku tatu. Hizo 9 ni za kubuni: huenda zote 27 zilimwagika Jumamosi usiku. Iandikwe 27 siku ya Jumatatu, pembeni "siku 3". Jumla ya mwezi itabaki sahihi. Kitakachopotea ni hesabu ya siku za mvua.

Darasa likilinganisha jumla yake na ya kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa kilicho jirani, tofauti itakuwepo, kwani wingu moja laweza kulowesha mtaa huu likaruka ule. Ila shule ikipata pungufu karibu kila mara, ikague kama chupa inavuja, imeinama au imekaribia mti. Na mkibadilisha chupa katikati ya mwezi, pimeni kipenyo upya: ile 6.4 ni ya chupa ya kwanza tu.