Alama Tatu za Mteja: Jinsi Duka Linavyochagua wa Kumpelekea Punguzo

Mwenye duka dogo la mtaani hahitaji hesabu ili kumjua mteja wake. Mtu aliyezoea kununua mkate kila asubuhi akikosekana juma zima, muuzaji huanza kumwulizia kwa majirani. Duka kubwa lenye maelfu ya wateja halina kumbukumbu ya namna hiyo. Lililo nalo ni orodha ya mauzo tu: namba ya kadi ya mteja, tarehe ya ununuzi na kiasi cha fedha kilicholipwa. Duka hilo likitaka kugawa hati za punguzo ili wateja wazidi kurudi, je, orodha hiyo yaweza kuonyesha nani apelekewe hati na nani aachwe?

Jibu la zamani lilitokana na wafanyabiashara wa Marekani waliouza bidhaa kwa njia ya posta. Kila kitabu cha bidhaa walichotuma kiligharimu fedha za kukichapa na za stempu, na kwa hiyo iliwapasa kuwachagua wapokeaji. Waliona kwamba mambo matatu husaidia sana kubashiri nani atanunua tena: ni siku ngapi zimepita tangu anunue mara ya mwisho, amenunua mara ngapi, na ametumia fedha kiasi gani.

Namna ya kutoa alama

Na ichukuliwe kwa mfano duka lenye wateja 10,000 wenye kadi, na hesabu ifanywe tarehe 31 Desemba kwa mauzo ya mwaka mzima. Kwanza wateja hupangwa kwa tarehe ya ununuzi wa mwisho, kuanzia aliyenunua karibuni zaidi. Orodha hugawanywa katika mafungu matano ya watu 2,000. Fungu la kwanza hupewa alama 5, la pili 4, na kuendelea hadi fungu la mwisho, ambalo hupata 1. Kazi hiyo hurudiwa kwa idadi ya manunuzi, kisha kwa jumla ya fedha. Hatimaye kila mteja huwa na tarakimu tatu. Mwenye 5-5-5 amenunua karibuni, hununua mara nyingi, na hutumia fedha nyingi.

Yafaa kutambua kwamba alama hizi ni nafasi katika foleni, wala si vipimo kamili. Hatari moja hutokea katika idadi ya manunuzi. Ikiwa wateja 4,000 wamenunua mara moja tu, mpaka kati ya alama 1 na alama 2 utapita katikati ya watu wanaofanana kabisa. Kosa hilo hugunduliwa kwa kumtazama mteja wa mwisho wa fungu moja na wa kwanza wa fungu linalofuata. Wakiwa na idadi ileile, mafungu hayo yaunganishwe.

Jumla hudanganya

Wengi huzijumlisha alama tatu na kuwapanga wateja kwa jumla hiyo. Mteja wa kwanza ana 5-3-3: alinunua siku tatu zilizopita, naye hununua kwa kiasi cha wastani. Mteja wa pili ana 1-5-5: katika mwaka huo alinunua mara 40, lakini hajaonekana kwa siku 120. Wote wawili wana jumla ya 11, ingawa mmoja yumo dukani na mwingine huenda amekwisha hamia duka jingine. Kwa sababu hiyo tarakimu huachwa zikiwa tatu.

Hata tarakimu tatu zahitaji kusomwa pamoja. Mteja wa pili alikuwa akija kila baada ya siku 6 hivi. Kimya chake cha siku 120 ni mara 20 ya desturi yake. Mteja wa tatu naye hajaonekana kwa siku 120, lakini kabla ya hapo alinunua mara 4 tu, kila baada ya siku 80 hivi. Kimya chake ni mara moja na nusu tu ya desturi yake. Wote wawili wana alama 1 ya ukaribu, lakini huyu wa tatu ndiye mwenye dalili kubwa zaidi ya kurudi, japokuwa alama yake ya idadi ni ndogo.

Jambo hili lilichunguzwa na Peter Fader, Bruce Hardie na Ka Lok Lee katika utafiti uliotolewa mwaka 2005. Walitumia kumbukumbu za CDNOW, duka la Marekani lililouza muziki kwa njia ya mtandao, zilizohusu wateja 23,570 walioanza kununua humo katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 1997. Walionyesha kwamba, miongoni mwa wateja waliokwisha nyamaza kwa muda mrefu, aliyekuwa akinunua mara nyingi zaidi hutazamiwa kununua kidogo zaidi siku za usoni. Kimya cha mtu mwenye mazoea kina maana nzito kuliko kimya cha mgeni.

Nani apewe punguzo?

Muuza duka huvutwa kuwapa zawadi wenye 5-5-5, kwa kuwa ndio wateja bora. Lakini alama hueleza nani atanunua. Hazielezi nani atanunua kwa sababu ya punguzo. Tofauti hiyo hujulikana kwa jaribio tu.

Katika kila kundi huchaguliwa kwa kura watu 200. Mia moja hupelekewa hati ya punguzo la shilingi 3,000, na mia moja wengine hawapelekewi kitu. Baada ya siku 30 walionunua huhesabiwa. Na ichukuliwe kwamba kila aliyekuja alinunua mara moja, na kwamba kila ununuzi huliletea duka faida ya shilingi 5,000 kabla ya punguzo.

Tuseme katika kundi la 5-5-5 walikuja 90 kati ya waliopata hati, na 88 kati ya wasiopata. Hati zilileta watu 2 tu, yaani faida ya shilingi 10,000, lakini punguzo lilitolewa kwa watu 90 na kugharimu shilingi 270,000. Duka limepoteza shilingi 260,000 kwa kuwalipa watu waje mahali walipokuwa wakienda. Tena tofauti ya watu 2 katika mia yaweza kuwa bahati tu.

Tuseme katika kundi la 5-1-1, ambamo wamejaa wageni walionunua mara ya kwanza hivi karibuni, walikuja 30 waliopata hati, na 8 wasiopata. Ongezeko ni watu 22, yaani faida ya shilingi 110,000, na punguzo liligharimu 90,000. Baki ni shilingi 20,000, kabla ya kutoa gharama ya kupeleka hati. Mwenye duka aliyetazama idadi ya waliokuja peke yake, 90 dhidi ya 30, angelichagua kundi lisilofaa.

Kundi la 1-5-5 hustahili kujaribiwa vivyo hivyo, lakini huenda dawa yake isiwe punguzo. Mteja aliyekoma ghafula mara nyingi ana sababu ambayo stakabadhi haiionyeshi: amehama mji, bidhaa aliyoipenda imeadimika, au alijibiwa vibaya. Hapo duka kubwa hulazimika kufanya lile lile afanyalo muuzaji wa mtaani, yaani kumwulizia. Ni afadhali limwulizie anapokuwa amekosa zamu zake mbili au tatu, kabla alama yake ya ukaribu haijashuka hadi 1.