Gemu ya kwanza kwenye laptopu: Usianzie penye risasi

BINAMU yangu alipata laptopu yake ya kwanza mwezi wa Agosti, akiwa na umri wa miaka 24. Ni mtumba wa kutoka Ulaya, kama laptopu nyingi zinazouzwa katikati ya jiji: skrini ya inchi 14, gigabaiti 8 za RAM na kibodi iliyochakaa kidogo kwenye herufi A. Maishani mwake hakuwa amecheza gemu yoyote ya kompyuta. Kwenye simu alikuwa amecheza zile za kupanga peremende, basi.

Kakake, ambaye ni mraibu wa gemu, akajitolea kumwanzisha. Akampakulia gemu ya vita yenye gigabaiti karibu 60, kazi iliyochukua usiku mbili na Wi-Fi ya jirani. Jioni ya tatu binti akaketi, akabonyeza, akajikuta ndani ya jumba akitazama dari. Alipojaribu kutazama mlango akatazama sakafu. Alitembea akagonga ukuta, akazunguka, akagonga ukuta ule ule. Dakika 15 baadaye alikuwa anahisi kichefuchefu, na laptopu ilikuwa inavuma kama feni ya matatu. Akaifunga na kusema, "Hii mambo si yangu."

Kusema kweli, hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa anaombwa kufanya kazi mbili kwa mpigo. Katika gemu za aina ile, mkono wa kushoto unatembeza miguu kwa herufi W, A, S na D, huku wa kulia ukizungusha kichwa kwa kipanya. Aliyezoea hajui tena kwamba anafanya hivyo, kama vile dereva asivyofikiria klachi. Mgeni naye anafikiria kila kidole. Na kile kichefuchefu huja kwa sababu macho yanaona mwendo ambao mwili hausikii.

Kuna la pili, ambalo hata kakake hakulijua. Binti hakuwa na kipanya. Alikuwa anatumia ile padi ya kugusa iliyo chini ya kibodi, na padi nyingi hujizima kwa muda mfupi unapobonyeza herufi, ili kiganja kisihamishe mshale unapoandika. Ni jambo jema ukiandika barua. Lakini kwenye gemu maana yake ni kwamba ukishikilia W ili utembee, padi inakufa na kichwa hakigeuki! Ukitaka kuhakikisha, shikilia herufi yoyote kisha telezesha kidole uone kama mshale unasonga. Windows ina sehemu ya kulegeza hali hiyo, Touchpad sensitivity, ambapo unachagua Most sensitive. Husaidia, ila si dawa kamili.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye laptopu mpya si "unapenda hadithi gani?" Ni "una kipanya?" Kama hana, tafuta gemu inayochezwa kwa kibodi peke yake, na ambayo kamera inajiendesha yenyewe.

Halafu angalia mashine. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, fungua Performance, kisha utazame mstari wa GPU. Ya binamu yangu iliandika Intel HD Graphics 620. Hiyo ni sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Haina kumbukumbu yake, inakopa kutoka zile gigabaiti 8. Ukiacha Chrome wazi na vichupo 20, gemu inabaki na makombo, na utaona picha inarukaruka badala ya kuteleza. Funga kila kitu kingine na uchomeke chaja, maana laptopu nyingi hupunguza kasi zikitumia betri. Ikiwa gemu ndogo bado inakwama baada ya hapo, teremsha resolution ndani ya gemu yenyewe kabla ya kulaumu mashine.

Mimi nilimchagulia A Short Hike, iliyotoka mwaka 2019. Ina takriban megabaiti 400, kwa hivyo bando ya kawaida inaitosha. Unaendesha ndege mdogo anayeitwa Claire, aliyeenda kumtembelea shangazi yake kwenye mbuga iliyo kisiwani. Anasubiri simu muhimu na huko hakuna netiwaki, kwa hiyo inabidi apande hadi kileleni kuitafuta. Mkenya yeyote aliyewahi kwenda ushago na kupanda kilima akiwa ameinua simu juu hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini sikuichagua kwa sababu ya hadithi. Niliichagua kwa sababu haina adui, haina saa inayohesabu, na ukianguka kutoka kwenye jabali hufi, unaelea tu hadi chini na kuanza tena. Kipanya hakihitajiki. Maneno ya wahusika ni ya Kiingereza, ila yanasubiri kwenye skrini hadi wewe ubonyeze. Na kinachokuwezesha kupanda juu zaidi ni manyoya ya dhahabu unayoyaokota au kuyanunua njiani. Ukiwa na mawili unafika mahali fulani, ukiwa na manne unafika pale ulipokuwa ukipatazama kwa hamu.

Nusu saa ya kwanza nilikaa kando yake, mikono mfukoni. (Huo ndio mtihani mgumu kwa anayefundisha: usiishike kibodi.) Mwanzoni alikuwa anatazama vidole kila anaporuka. Baada ya dakika kama 10 akaacha kuvitazama. Akaacha pia njia ya kileleni, akaenda ufuoni kutafuta magamba ya konokono ambayo mtoto mmoja alimwomba. Hapo nikajua tumefaulu, kwani alikuwa amejipangia lengo lake mwenyewe.

Bei yake ya kawaida kwenye Steam ni dola 7.99, kama shilingi 1,000 hivi, na unaweza kulipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay. Steam hukubali kurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2, kwa hivyo jaribu siku ile ile unayonunua. Ingia mara moja ukiwa na mtandao, fungua gemu mara ya kwanza, na baada ya hapo unaweza kucheza bila bando.

Wengi wangependekeza Stardew Valley, ile ya shamba. Naipenda sana, na mashine ile inaiweza. Ila siku moja ndani yake ni kama dakika 14, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 usiku, na saa haisimami unapohangaika kutafuta jembe. Pia huhifadhi kazi yako unapolala tu. Betri ya mtumba ikizima mchana wa shambani, siku yote imepotea, na mboga ulizomwagilia utazimwagilia tena. Hiyo naiweka ya pili.

Binamu yangu alifika kileleni jioni ya pili. Simu ikaingia, ilisema nini, ucheze ujionee. Wiki iliyofuata alinunua kipanya cha waya, na sasa ana shamba lenye kuku watatu. Ile gemu ya gigabaiti 60 aliifuta ili apate nafasi. Kakake bado amenuna.