Mkuki wa bakteria wa kipindupindu

Bakteria wa kipindupindu akigusana na jirani asiye wa ukoo wake, humchoma. Ndani ya mwili wake hujenga mrija mwembamba wa protini, wenye ncha kali iliyobeba sumu, na kuuvika ala. Ujenzi huchukua kama nusu dakika. Kisha ala hunywea ghafla hadi karibu nusu ya urefu wake, kwa muda usiofika sehemu ya mia ya sekunde, na mrija humtoboa jirani. Sumu huharibu ukuta wa seli yake, naye hupasuka. Ndugu wakichomwa hawafi, maana wana protini za kuizima sumu hiyo. Ala iliyotumika hubomolewa, vipande vikajengea nyingine. Tena muuaji huyu ana tamaa: akiwa kwenye magamba ya uduvi, huokota DNA ya marehemu na kuifanya yake.